Mkaguzi aliyekataa chai yetu akaniambia "nirejeshee jana"

Nyota moja. Naanza na hiyo, halafu tutaona.

Mimi ni afisa TEHAMA wa saccos moja ya Kanda ya Ziwa, na nina miaka hamsini na mbili. Mwaka huu bodi iliamua kubadilisha kampuni inayokagua mpango wetu wa mwendelezo wa biashara, yaani lile faili linaloeleza tutafanya nini ofisi ikiungua au seva ikifa. Kampuni mpya inatoza karibu mara mbili ya ile ya zamani. Wakamtuma binti wa rika la mwanangu wa pili. Akaingia ofisini kwangu na kusema, "Habari za kazi, kaka." Kaka! Shikamoo hakuna. Mhudumu akaleta chai na maandazi, yeye akasema asante, amekwisha kunywa, tuanze.

Nikamkabidhi mpango. Kurasa arobaini na kitu, sahihi ya mwenyekiti, ramani ya mahali pa kukusanyika moto ukizuka, namba za simu za kila mkuu wa idara. Wale wa zamani walikuwa wanaupitia siku nzima, wanasifia hata jedwali la yaliyomo. Huyu alifungua ukurasa mmoja tu, ule unaosema kwamba seva ikifa tutarudi kazini ndani ya saa nne na hatutapoteza zaidi ya kazi ya siku moja. Akauliza, "Hizi saa nne nani alizipima?" Nikamwambia zimepitishwa na bodi. Akaandika kitu kwenye daftari lake, na hadi leo sijui aliandika nini.

Nikamwonyesha logi ya bekapu. Kila usiku saa nane, `Backup OK`, siku baada ya siku, hakuna hata moja iliyoruka. Hiyo logi ndiyo fahari yangu, au ilikuwa. Hakuiangalia hata kidogo. Meneja alikuwa amesimama mlangoni wakati huo, na mbele yake binti akasema, "Kaka, usinionyeshe logi. Nirejeshee jana." Yaani nichukue kompyuta tupu, nichukue bekapu ya usiku uliopita, nimfungulie mfumo uwe kama ulivyokuwa jana jioni. Nikamjibu kuwa shughuli hiyo huwa inapangwa wiki kadhaa kabla. Akasema janga halipangi.

Nilikasirika sana. Lakini meneja alikuwa anatazama, kwa hiyo nikafungua folda.

```
ls -l /bekapu
20  sacco_...sql.gz
20  sacco_...sql.gz
20  sacco_...sql.gz
```

(Nimefupisha, zilikuwa kama kumi na tano.) Ile 20 ni ukubwa wa faili, na ni baiti. Si megabaiti wala kilobaiti. Kanzidata yetu ikibanwa inakaribia gigabaiti moja. Baiti ishirini ni ukubwa wa faili la gzip, programu ya kubana data, ambalo ndani yake hamna kitu chochote, ganda tupu. Binti akainama kwenye skrini, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kwa hiyo mmekuwa mnahifadhi majina ya faili." Meneja akacheka. Mimi sitasahau kile kicheko.

Nieleze kilichotokea, maana najua wako wenzangu wengi wenye skripti ya namna hii:

```
pg_dump sacco | gzip > /bekapu/sacco_$(date +%F).sql.gz
echo "Backup OK"
find /bekapu -mtime +14 -delete
```

Mwaka jana fundi wa kampuni iliyotuuzia mfumo alipandisha toleo la PostgreSQL, programu inayoendesha kanzidata yetu, kwenye seva. Hakupandisha `pg_dump`, amri ya kunakili kanzidata, kwenye ile mashine ndogo inayochukua bekapu. Sasa `pg_dump` ya zamani haikubali kunakili kanzidata ya toleo jipya kuliko yenyewe. Inatoa ujumbe wa `server version mismatch` na kuacha kazi. Ila baada ya ile alama ya mfereji, `|`, kuna `gzip`, na `gzip` haijali. Imeletewa hewa, imebana hewa, imemaliza salama. Ganda la Linux, yaani programu inayopokea amri, likiunganisha amri mbili hivyo, linaangalia kama ya mwisho imefaulu, basi. Halafu mstari wa pili unaandika `Backup OK` bila kuuliza lolote. Ungeandika hivyo hata kama seva imeibwa. Na mstari wa tatu, niliouandika mwenyewe ili diski isijae, ukawa unafuta kila kilichozidi wiki mbili. Kwa hiyo bekapu nzuri za kabla ya fundi kuja zilifutwa zote kwa utaratibu, moja kila usiku. Ujumbe wa kosa? Ulikuwa unatumwa kila siku kwenye sanduku la barua la ndani ya mashine ile, ambalo hakuna aliyewahi kulifungua.

Ninajitetea kidogo: hata wakubwa yamewakuta. GitLab, kampuni ya kuhifadhi msimbo wa programu mtandaoni, tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wao alifuta kwa bahati mbaya data ya kanzidata kuu. Walipokimbilia bekapu wakakuta `pg_dump` ya 9.2 ilikuwa inajaribu kunakili kanzidata ya 9.6 na kushindwa, na barua pepe za kuwaonya zilikuwa zinakataliwa njiani. Walipoteza data ya saa sita hivi, na zisingekuwa sita tu kama si nakala ambayo mtu aliichukua kwa shughuli nyingine kabisa. Ugonjwa uleule. Nilimtajia binti, akasema, "Ndiyo, na wao walieleza hadharani. Ninyi mmenionyesha logi."

Nilisema nyota moja. Ngoja.

Jioni ile nikaingia kabatini kutafuta ripoti ya wale wakaguzi wa zamani, wale wastaarabu, waliokunywa chai yetu yote. Walikuja baada ya fundi kupandisha toleo, nakumbuka vizuri. Kwenye kipengele cha bekapu waliandika "ya kuridhisha". Walichagua tarehe tano bila mpangilio, wakaangalia kwenye logi kama zimeandikwa `Backup OK`, wakatia vema tano. Na kwenye kiambatisho waliweka picha ya skrini yangu kama ushahidi. Nikaisogeza taa. Ile safu ya ukubwa inaonekana kabisa: 20, 20, 20, 20. Waliipiga picha, wakaichapisha kwa rangi, wakaijalidi, wakatuletea na ankara. Mimi nikaipokea na kutia saini.

Nilikaa na ile ripoti mapajani muda mrefu. Wale ningewapa nyota ngapi? Waliniamkia shikamoo kila asubuhi.

Usiku huo tulirekebisha. `pg_dump` mpya, na juu ya skripti mstari `set -o pipefail` ili amri moja ikishindwa mstari mzima uhesabike umeshindwa, na `Backup OK` iandikwe pale tu amri imefaulu na faili limezidi ukubwa fulani. Kesho yake saa mbili asubuhi binti akaweka saa yake mezani na tukaanza kurejesha kwenye kompyuta ya kuazima kutoka idara ya mikopo.

Kuingiza data yenyewe kulichukua saa moja na nusu. Hapo nikaanza kupumua. Kumbe ndiyo kwanza tunaanza. Mfumo ukakataa kuingia, kwa sababu `pg_dump` inabeba kanzidata moja tu, haibebi watumiaji wa kanzidata. Hao wanachukuliwa kwa `pg_dumpall --globals-only`, na mimi sikuwahi kuwachukua. Tukawaunda upya kwa mkono. Halafu tukatafuta diski ya kusakinishia mfumo, tukaikuta ni ya toleo la zamani. Tukampigia fundi, yuko safarini, mtandao unakatika. Leseni ikawa imefungwa kwenye seva ya awali. Saa nne za bodi zilipita tukiwa bado tunamsubiri fundi apate mtandao.

Mfumo ulifunguka karibu saa kumi na moja jioni. Nikanyanyua mikono. Binti akasema mfumo kufunguka siyo ushahidi. Akamwomba mhasibu urari uliochapwa wakati wa kufunga hesabu za jana, akaulinganisha na wa mfumo uliorejeshwa: idadi ya wanachama, jumla ya akiba, jumla ya mikopo. Vyote vikalingana hadi senti, na hapo nikiri nilifurahi kama mtoto. Kisha akamwita keshia, akamwambia amfungulie mwanachama yeyote kana kwamba amekuja kutoa pesa. Jina likaja, salio likaja. Picha na saini hazikuja. Sehemu zote mbili nyeupe. Kumbe mfumo hauziweki kwenye kanzidata, unaziweka kwenye folda kando, na folda ile haikuwa kwenye bekapu yoyote, ya zamani wala mpya. Keshia akasema yeye bila kuona saini hamlipi mtu hata elfu kumi.

Kwa hiyo katika ripoti: saa nne zikawa saa tisa, tena bila kuhesabu muda wa kununua seva, na kazi ya siku moja ikawa miezi yote tangu fundi alipopandisha toleo. Ameandika "jaribio halikufaulu", na chini yake "afisa husika alitoa ushirikiano baada ya kuombwa mara ya pili". Mara ya pili! Hiyo sentensi nimemwandikia barua aiondoe. Hajajibu.

Nyota tatu. Nne kwa kazi, mbili kwa adabu, gawanyeni wenyewe.

Ila la mwisho ndilo linalonikera kuliko yote. Wakati anafunga mkoba aliniambia mwakani jaribio litarudiwa na mimi nitakaa nje. Atarejesha mtu mwingine, kwa kufuata maandishi yangu tu, kwa sababu siku ya janga huenda mimi nikawa ndiye niliyelazwa hospitali. Miaka kumi na tisa nimekaa kwenye chumba kile cha seva, nikae nje!

Nimeyaandika maandishi hayo, kurasa sita, hatua kwa hatua. Jumamosi iliyopita nikampa binti wa mapokezi, nikatoka, nikakaa kwenye benchi chini ya mwembe. Haikupita dakika tano akatokea mlangoni na karatasi mkononi. Alikuwa amekwama mstari wa tatu, pale nilipoandika, "Weka nywila ileile ya siku zote."