Nilivyotengenezewa tangazo la kazi steshenari: uzoefu wangu

Nina ofisi ndogo ya kushona sare za shule hapa Morogoro. Mwanzoni mwa mwaka 2025 nilihitaji fundi mmoja, nikaandika karatasi kwa mkono na kuibandika kwenye ubao wa matangazo wa serikali ya mtaa. Juu niliandika "NAFASI YA KAZI", chini "mwaminifu, mchapakazi, mwenye uzoefu", na mwisho "maombi ndani ya wiki mbili". Simu zilikuja nyingi, ila karibu kila mtu aliuliza kwanza: "Kazi yenyewe ni ipi?"

Nikaenda steshenari moja karibu na stendi. Kijana wa pale alisoma karatasi yangu, akaniambia, "Mama, hapa hujataja kazi." Akafuta "NAFASI YA KAZI" akaweka "ANAHITAJIKA FUNDI CHEREHANI", maneno mawili ya mwisho kila moja kwenye mstari wake, herufi zikifika kama sentimita tatu kwenda juu. Karatasi ilikuwa A3. Tukaibandika ukutani, nikarudi hatua tano, nikasoma bila kukaza macho.

Kwenye sifa ndipo tulipochukua muda. Aliniuliza atakayekuja atafanya nini siku ya kwanza. Nikamjibu: akate na kushona sketi za marinda, na aweze kutumia ovaloki. Hayo ndiyo tukaandika, na "mwaminifu" ikatoka, maana hakuna asiyejiona mwaminifu. Kudarizi tukaweka pembeni kama "itakuwa nyongeza", ili asiyejua asikate tamaa. Nilitaka pia kuandika "msichana chini ya miaka 25". Akanikatalia kwa upole kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kubagua waombaji kwa jinsia au umri. Kwa hilo namshukuru sana.

"Wiki mbili" nayo akaiondoa, kwa sababu msomaji hajui karatasi ilibandikwa lini. Tukaandika ndani ya kisanduku: "Mwisho wa kupokea maombi: Ijumaa, 14 Machi 2025, saa 10 jioni", na chini yake mahali pa kuleta barua na namba ya simu.

Kilichoniudhi ni uchapaji. Tarehe aliichapa kwa wino mwekundu wa printa ya kawaida, na ubao wetu hauna kioo. Mvua ya usiku mmoja ikaibabua, 14 ikasomeka kama 11. Nilirudi, akanichapia nyingine bila malipo kwa printa ya leza, maandishi yote meusi, akaipiga lamineti. Alipaswa kuniuliza tangu mwanzo ubao uko wapi.

Hadi siku ya mwisho nilipokea barua tisa. Hakuna aliyeniuliza kazi ni ipi, na saba kati yao walitaja ovaloki kwenye barua zao.