Uzoefu wangu na Tabula na Tesseract: jedwali lipi naachia programu, lipi nachapa kwa mkono

Kama jedwali lako lipo kwenye PDF yenye maandishi halisi, pakua Tabula, programu ya kuhamishia majedwali ya PDF kwenye lahajedwali, uanze kazi. Kama ni karatasi iliyoskaniwa, usikimbilie programu wala kibodi kabla hujapima ukurasa mmoja. Mengi ya ninayoyaandika hapa ni kuhusu hiyo skani, kwa sababu ndiyo inayopotezea watu muda.

Kwanza jua ulichonacho. Vuta ukurasa hadi asilimia 400. Herufi zikibaki na kingo laini, ni maandishi. Zikiwa na vijino na madoa, ni picha. Usitegemee kipanya pekee kwa kuona kama maandishi yanachaguliwa, maana skani nyingi huwekewa tabaka la maandishi lisiloonekana juu ya picha. Ukilinakili, unapata makosa ya programu iliyolisoma kabla yako huku ukidhani ni maandishi ya asili. Amri ya `pdffonts jedwali.pdf`, inayokuja na kifurushi cha Poppler, husaidia: orodha ikiwa tupu ni picha tupu, na ukiona fonti iitwayo `GlyphLessFont`, tabaka hilo limewekwa na Tesseract, programu ya kusoma herufi zilizo kwenye picha.

Kwa PDF ya maandishi, Tabula ni ya bure, inaendeshwa kwenye kompyuta yako mwenyewe, na ukurasa wake unafunguka kwenye kivinjari kwa `http://127.0.0.1:8080`, kwa hiyo faili haipandishwi kwa mtu mwingine. Unazungushia jedwali kwa kipanya, unabofya `Preview & Export Extracted Data`, kisha unachagua `Lattice` ikiwa jedwali lina mistari iliyochorwa, au `Stream` ikiwa safu zimetenganishwa kwa nafasi tu. Mimi huacha vichwa vya safu nje ya kisanduku na kuviandika kwa mkono. Vichwa vya ngazi mbili huvuruga mgawanyo wa safu, na kuviandika ni kazi ya dakika moja.

Tarakimu zenyewe hapa haziharibiki, kwa sababu programu haizikisii, inazichukua zilivyo. Kinachoharibika ni umbo. Kwenye `Stream`, safu mbili zilizokaribiana huweza kuungana kuwa moja, au seli tupu ikafanya thamani za jirani zihamie mahali pasipo pake. Namba ya tanbihi nayo huganda kwenye thamani: 1,204 yenye tanbihi ya 3 hugeuka 1,2043, na lahajedwali inaweza kuisoma kama 12043 bila kulalamika. Kwa hiyo sikagui tarakimu moja moja, nakagua hesabu ya seli. Jedwali la mistari 40, chini ya kila safu naandika:

```
=COUNT(B2:B41)
```

`COUNT` huhesabu namba tu. Ikirudisha 38 badala ya 40, kuna seli mbili ambazo ni tupu au zimeingia kama maandishi, na kuzipata ni suala la kupitisha macho. Tanbihi iliyoganda haitaonekana hapo, ila itaonekana kwenye jumla ya safu, kwa sababu 12043 katikati ya namba za elfu moja hupandisha jumla mno. Kazi nzima haifiki dakika 10 kwa ukurasa. Hata kwa jedwali moja tu, kuchapa hakushindi hapo, labda liwe dogo sana, tuseme seli 50. Chini ya hapo mimi huchapa bila kufikiri mara mbili.

Sasa skani. Tabula haisomi picha, kwa hiyo unahitaji programu ya kutambua herufi. Natumia Tesseract, nayo ni ya bure, na mpangilio huu:

```
pdftoppm -r 300 -gray -png jedwali.pdf ukurasa
tesseract ukurasa-1.png ukurasa-1 --psm 6 -c preserve_interword_spaces=1
```

Faili ikiwa na kurasa 10 au zaidi, jina la picha huwa `ukurasa-01.png`, kwa hiyo badilisha amri ya pili ilingane. Nukta 300 kwa inchi ndizo za kawaida kwa kazi hii. Kumbuka tu kwamba karatasi iliyoskaniwa kwa 150 haiboreki kwa kuandika 300 kwenye amri. `--psm 6` huiambia programu ichukulie ukurasa kama kitalu kimoja, isijaribu kuukata kuwa aya. Kile kipengele cha mwisho hutunza nafasi kati ya safu.

Watu hudanganyika na asilimia. Programu ikisoma herufi kwa usahihi wa asilimia 99, inasikika kama kazi imekwisha. Lakini namba ya tarakimu 5 ni sahihi pale tu zote 5 zikiwa sahihi, na 0.99 ikizidishwa yenyewe mara 5 inatoa takriban 0.951. Kwenye jedwali la mistari 40 na safu 6, yaani seli 240, hizo ni seli kama 12 mbovu. Na hazijitangazi: 8 iliyosomwa kama 3 inaonekana namba halali kabisa.

Chukua ukurasa huohuo wa seli 240 tulinganishe gharama kwa dakika. Hizi ni kadirio zangu za kazi, weka za kwako. Kuchapa seli moja kwa utulivu, kwenye vitufe vya namba vilivyo upande wa kulia wa kibodi, ni sekunde 4, jumla dakika 16. Kupitia yote tena kwa kulinganisha na asili ni sekunde 3 kwa seli, dakika 12. Jumla 28. Mchapaji makini nampigia makosa 2 kwa ukurasa, na jicho la mkaguzi hunasa takriban 9 kati ya 10, kwa hiyo ukishakagua hubaki 0.2, sawa na kosa moja kila kurasa 5.

Kwa programu: kusafisha matokeo dakika 3, kupitia dakika 12, kurekebisha makosa 12 dakika 3. Jumla 18, unaona umeokoa dakika 10. Ngoja. Makosa yalikuwa 12, jicho limenasa 9 kati ya 10, limebaki kosa moja na kidogo kwa kila ukurasa. Hujapata kazi ya ubora uleule. Ili ushuke mpaka kiwango cha mchapaji lazima upitie mara ya pili, dakika 12 nyingine, na jumla inakuwa 30. Kila ukurasa umezidi kuchapa kwa dakika 2, kabla hata ya kuhesabu nusu saa ya kunyoosha picha na kujaribu mipangilio. Ndiyo maana sikubali hoja ya "lakini kurasa ni nyingi". Kama kila ukurasa una hasara, kuongeza kurasa ni kuongeza hasara.

Kinachogeuza hesabu ni jumla zilizochapishwa kwenye jedwali lenyewe. Zikiwepo za mistari na za safu, hupitii seli 240. Unaandika kwa mkono jumla tu, 46 hapa, halafu unaacha lahajedwali itoe tofauti. Mstari usiolingana na safu isiyolingana hukutana kwenye seli yenye kosa. Ukaguzi unashuka hadi dakika 5, na ukurasa wote kwa programu unakuwa dakika 11. Kuchapa nako kunanufaika, 16 na ukaguzi wa 4, jumla 20. Programu inaokoa dakika 9 kwa ukurasa, kwa hiyo ile nusu saa ya maandalizi inarudi kwenye ukurasa wa nne. Kurasa 3 au pungufu, chapa.

Tofauti yenyewe hukueleza kosa ni la aina gani. Tuseme jumla iliyochapishwa ni 18,462 na lahajedwali imetoa 18,412. Imepungua 50, kwa hiyo kosa liko kwenye makumi na limekula 5: tafuta 3 kwenye makumi ambayo kwenye karatasi ni 8. Ikipungua 6, 60 au 600, shuku 7 iliyosomwa kama 1. Kwa jedwali lililochapwa na mtu, tofauti inayogawanyika kwa 9 ni dalili ya tarakimu zilizobadilishana nafasi. 4,310 ikichapwa 4,130 inaacha 180, na 180 ni 9 mara 20. Tofauti ikilingana na seli nzima, mstari umerukwa. Ukiona safu moja ina tofauti lakini mistari yote inalingana, angalia jumla yenyewe, huenda uliichapa vibaya, au imekosewa tangu kwenye karatasi. Usiirekebishe ya karatasi kimyakimya, iachie alama.

Asilimia 99 niliyotumia si sheria. Skani safi ya herufi za mashine huweza kuwa bora zaidi, na nakala ya nakala huwa mbovu zaidi. Kwa hiyo pima. Chapa ukurasa mmoja wa kawaida, si ule mzuri kuliko wote, weka kwenye karatasi ya lahajedwali iitwayo `Mkono`, matokeo ya programu kwenye `Zana`, na kwenye ya tatu andika hii kwenye B2, kisha uinakili hadi seli zote:

```
=IF(Mkono!B2=Zana!B2,"","X")
```

Kila X iangalie kwenye asili ujue nani kakosea. Makosa ya programu yakiwa 3 au pungufu kwa seli 240, iachie kazi hata bila jumla, kwa kuwa ipo kwenye daraja moja na mchapaji. Yakizidi 10 na jumla hazipo, chapa. Katikati, naamua kwa kuangalia kama jumla zipo. Na huo ukurasa uliochapa haupotei, tayari ni sehemu ya kazi.

Huduma za kulipia kwa ukurasa nazipima kwa kipimo hichohicho. Bei yao inaondoa nusu saa ya maandalizi, haiondoi ukaguzi, na ukaguzi ndio mzigo.

Inabaki ile kazi ya kurasa 300 za skani zisizo na jumla. Kwa dakika 28 kila moja ni saa 140, na mara nyingi hakuna wa kuzilipa. Hapo natumia programu na kutaja kiwango cha makosa, nikikipima kwa seli zilizochaguliwa kwa kubahatisha kutoka kurasa zote. Seli 60 zikitoka safi zote, nina haki ya kusema tu kwamba makosa pengine hayazidi asilimia 5, yaani 3 gawanya kwa 60. Kusema asilimia 1 kunataka seli 300 zisizo na kosa hata moja.

Tabula naipa nyota 5 kwa PDF za maandishi. Tesseract kwa majedwali naipa 4 jumla zikiwepo, na 2 zisipokuwepo.