Bando la familia: lipi ununue ili mtu mmoja asilimalize

Kabla ya kuulizia bei, uliza hivi dukani: mtu mmoja akimaliza fungu lake, ni nani anayemkatia? Anaweza kukatiwa na mtandao wenyewe, na ruta ya nyumbani, au na simu yake. Kikomo cha mtandao ndicho kigumu kukiruka. Cha ruta huzungukwa na mtu mwenye maarifa kidogo, na cha simu huondolewa na mwenye simu muda wowote anaotaka. Machaguo yaliyomo humu nimeyapanga kwa kipimo hicho, wala si kwa wingi wa GB unaotangazwa.

Tuchukue nyumba ya watu watano Dar es Salaam wenye GB 60 za siku 30: baba, mama, kijana wa chuo, binti wa sekondari na bibi. Hiyo ni GB 2 kwa siku kwa nyumba nzima, yaani kama MB 400 kwa kila mtu. Sasa Netflix wenyewe wanasema video ya HD inaweza kula hadi GB 3 kwa saa. Kijana akitazama saa mbili jioni moja, amekula GB 6, chakula cha siku tatu cha nyumba nzima. Jioni kumi za namna hiyo na bando limekwisha, na hakuna aliyeibiwa.

La kwanza: kifurushi cha familia chenye kikomo kwa kila namba

Kama mtandao wako unakuruhusu wewe mwenye akaunti kupanga kwamba namba hii ipate GB 12 na ile GB 4, chukua hicho, hata kama kimezidi bei kidogo. Ila soma masharti vizuri. Vingine vinavyoitwa vya familia huorodhesha namba tu, kisha wote wanachota pamoja hadi liishe. Hicho hakikusaidii, na mimi ningekiweka nyuma ya chaguo la ruta, la tatu hapa chini.

Muulize muuzaji mambo matatu. Kikomo kikifika, intaneti inakatika au inaanza kula salio la kawaida? Naweza kubadilisha mgao katikati ya mwezi? Na fungu ambalo bibi hakulitumia, linarudi kwangu au linapotea? Akijibu kwamba mhusika atapokea tu ujumbe wa kumwonya, ujue hapo hakuna kikomo.

La pili: nunua moja kubwa, ugawe mwenyewe

Hili ndilo ninalolipendekeza kwa nyumba nyingi, kwa kuwa halihitaji kifurushi maalumu. Tanzania, kanuni za TCRA za mwaka 2021 ziliwataka watoa huduma wamruhusu mteja kuhamisha uniti za kifurushi kwenda kwa mtu wa mtandao uleule. Wakenya wanaita kusambaza. Faida yake ni kwamba fungu likishahamia kwenye laini ya kijana, akilimaliza amejimalizia mwenyewe, na la mama halijaguswa.

Usigawe la mwezi mzima kwa mara moja. Gawa kila wiki: baba GB 3, mama 3, kijana 4, binti 2, bibi 1. Hizo ni GB 13 kwa wiki, GB 52 kwa wiki nne. Zinabaki GB 8 kwenye laini yako za kuzibia siku mbili za mwisho na kazi za shule zinazotokea ghafla. Kijana akimaliza zake Jumatano, anasubiri Jumatatu, na wewe umeshajua tatizo liko wapi wiki ya kwanza badala ya kulijua mwezi ukiwa umekwisha.

Mipaka yake ni hii: wote lazima wawe mtandao mmoja, na si kila kifurushi kinahamishika, kwa hiyo thibitisha kabla ya kulipa. Uliza pia fungu lililohamishwa linaisha muda lini, maana halina faida kumpa bibi GB ambayo kesho inafutika.

La tatu: ruta moja yenye laini

Televisheni na kompyuta hazina laini, kwa hiyo nyumba nyingi huishia kwenye ruta. Hapa ndipo bando huisha bila mtu kukumbuka kulitumia. Simu ikiunganishwa na waifai huichukulia kama intaneti isiyo na kipimo: inapakia picha zote kwenye hifadhi ya mtandaoni, inasasisha programu usiku, inapandisha ubora wa video. Haijui kwamba nyuma ya ruta kuna bando la GB 60.

Kwa hiyo iambie. Kwenye simu nyingi za Android, fungua mipangilio ya waifai hiyo, tafuta `Network usage`, uchague `Treat as metered`. Kwenye iPhone, washa `Low Data Mode` ya waifai hiyo. Kwenye Windows, washa `Metered connection`. Fanya hivi kwa kila kifaa siku ya kwanza; hakuna mpangilio mwingine unaookoa GB nyingi kwa kazi ndogo namna hii.

Unaponunua ruta, tafuta yenye `Bandwidth Control` au `QoS` inayoweza kupunguza kasi ya kifaa kimoja kimoja. Ruta nyingi za bei nafuu hazina mgao wa GB kwa kila mtu, lakini kasi hufanya kazi hiyo. Televisheni ukiifungia Mbps 2, haiwezi kuvuta zaidi ya MB 900 hivi kwa saa hata ikiwaka mfululizo. Zile saa mbili za jioni zinashuka kutoka GB 6 hadi chini ya GB 2. Video itashusha ubora yenyewe na kuendelea kucheza.

Kuna mwanya mmoja. Ruta hukitambua kifaa kwa anwani yake ya MAC, na simu za Android 10 na iOS 14 kwenda mbele hutumia anwani ya kubuni kwenye waifai. Kijana akiibadilisha, ruta inamwona kama mgeni asiye na kikomo. Dawa ni kuruhusu vifaa ulivyoviorodhesha tu, na vingine vyote vikataliwe.

La nne: hotspoti ya simu ya mzazi

Linafaa kwa safari au umeme ukikatika, si kwa mwezi mzima. Weka ukomo wa data kwenye simu yako kupitia `Data warning & limit`, ili angalau bando lisifike sifuri. Lakini ukomo huo ni wa simu nzima: ukifika, na wewe umekatika.

Kwa nyumba yetu ya watu watano ningechanganya la pili na la tatu: simu zigawiwe mafungu, na ruta ipewe laini yake yenye bando dogo kwa ajili ya televisheni tu, isiwe na nywila inayojulikana na kila mtu.

Kisha angalia salio siku ya kumi, ukijumlisha laini zote zinazochota bando hilo. Kati ya GB 60, zinapaswa kubaki kama 40. Zikiwa 30, fungua matumizi ya data ya kila simu, mzunguko ukiwa umeanzia siku mliyonunua bando, na usisahau kwamba simu huhesabu data ya laini na ya waifai mahali tofauti. Jumlisha. Kama jumla ya simu zote ni ndogo kuliko kilichopungua kwenye bando, tofauti hiyo iko kwenye televisheni, kwenye kompyuta, au kwa jirani mwenye nywila yenu. Badilisha nywila, uunganishe kifaa kimoja kila siku huku ukiangalia salio asubuhi na jioni, na mla bando atajulikana.