Akaunti imelala, mbuzi wamekufa: uzoefu wangu wa kuweka akiba benki na zizini

Sikuwa na nia ya kuandika. Nilikwenda benki kutoa fedha kidogo za karo, keshia akatazama kompyuta, akasema bila hata kuinua macho, "Akaunti yako imelala, mzee." Nikauliza imelalaje wakati kila mwezi wanaikata. Akaniambia nijaze fomu, nilete picha na nakala ya kitambulisho, halafu akamwita anayefuata.

Kwa hiyo naanza na makato, maana hapo ndipo mtu wa kijijini anaponyonywa. Ada ya mwezi ni ileile kwa mwenye nyingi na mwenye kidogo. Chukua akiba yenye thamani ya mbuzi sita. Ada ikiwa sawa na moja ya hamsini ya bei ya mbuzi mmoja, utaiona ndogo. Lakini kwa mwaka inafika karibu robo ya mbuzi, na ikipita miaka minne mbuzi mmoja kati ya sita ameliwa, wala hakuna aliyemchinja. Riba ya akaunti ya kawaida haimrudishi, na bei za vitu nazo zinapanda. Ongeza nauli ya kwenda mjini mara mbili kwa sababu ya fomu moja.

Majike sita zizini hawana ada. Mimba ya mbuzi ni miezi mitano, na jike anayelishwa vizuri huzaa mara tatu katika miaka miwili, mara nyingine pacha. Karo ikidaiwa unatoa beberu mmoja, kundi linabaki. Ng'ombe ni noti kubwa isiyo na chenji: mimba yake ni miezi tisa, na huwezi kuuza paja lake ulipe daftari. Anafaa kwa jambo kubwa, kama kiwanja au mahari. Hadi hapa benki ningeipa sifuri.

Ila hasira zisinifanye niseme uongo. Mbuzi wote sita wanapumua hewa moja, na hicho ndicho kitu ambacho wasifia mifugo hawakitaji. Wenye kundi humaliziwa na sotoka ya mbuzi na kondoo, na aghalabu huingia kwa kosa lilelile: mtu ananunua beberu mnadani na jioni hiyohiyo anamchanganya na wenzake. Dalili huanza ndani ya wiki moja au mbili. Homa kali, kisha makamasi na machozi yanayoganda hadi macho yanashikana, vidonda kwenye fizi na ulimi, halafu kuhara. Wenye mimba hutoa. Ukishaona mdomo unanuka na mnyama hataki majani, umechelewa. Kirusi hakina dawa ya kukiua. Sindano unazouziwa ni za kuzuia maambukizi yanayofuatia. Nao wanunuzi wakisikia kuna ugonjwa, ama hawaji, ama wanakuja na bei ya matusi.

Kinga ipo na inajulikana. Chanjo moja humlinda mbuzi kwa miaka mitatu au zaidi, lakini lazima itunzwe kwenye baridi, na ikishachanganywa na maji yake itumike ndani ya saa chache. Mchanjaji akifika na chupa iliyochanganywa tangu asubuhi katika jua, mrudishe. Mgeni wa mnadani atengwe wiki tatu, chombo chake cha maji kivyake, na umhudumie mwisho baada ya wengine. Anayeona huo ni usumbufu asiniambie kuwa mbuzi ni salama kuliko benki.

Ukame ndio ulionigeuza kabisa. Mvua zikikosekana, ng'ombe hudhoofu mapema kwa kuwa anategemea nyasi. Mbuzi hujitahidi kwa majani ya vichaka. Kila kaya inapeleka ng'ombe mnadani wiki hiyohiyo, bei inaanguka huku nafaka inapanda. Aliyeuza madume na majike wazee mapema, wangali na nyama mgongoni, anahitaji mahali pa kuweka fedha hadi mvua irudi anunue mitamba. Na mahali hapo, nakiri kwa kinyongo, ni akaunti. Chini ya godoro wataiona shemeji na watoto.

Basi mnijibu nyie wa benki: kwa nini akaunti ya kusubiri mvua inalazwa kwa kusubiri? Mfugaji akifungua, na aulize kabla ya kusaini: ada ya mwezi ni kiasi gani, na akaunti inahesabiwa imelala baada ya miezi mingapi bila kuweka wala kutoa. Tarehe hiyo aiandike ukutani, na kabla haijafika aweke chochote, hata bei ya kuku. Makato yao wenyewe hayahesabiwi kuwa umeitumia. Hilo hakuna aliyenieleza siku ya kufungua, na yule keshia hakuliona kuwa jambo la kueleza.

Nyota mbili. Ya pili ni kwa sababu ya ukame tu.