Maji ya Kinjikitile au roho ya Nehanda?

Tulinganishe imani mbili zilizowasukuma Waafrika kupigana na wakoloni. Kwa kuenea, Kinjikitile, mganga wa Ngarambe kusini mwa Tanganyika, anashinda. Maji yake yalibebeka, hivyo wajumbe waliyafikisha hata kwa watu wasio wa ukoo wake. Wajerumani walimnyonga Agosti 1905, lakini Vita vya Maji Maji viliendelea hadi 1907. Ila ahadi ya kwamba risasi itageuka maji ilipimika: Mahenge, tarehe 30 Agosti 1905, bunduki za rashasha ziliwafyeka waliokunywa dawa.

Nehanda, roho ya Mazowe nchini Zimbabwe, ilifungamana zaidi na ardhi ya Washona. Mwaka 1898 Waingereza walimnyonga Charwe, mwanamke aliyepandwa na roho hiyo, lakini roho hutafuta kiti kingine. Wapiganaji wa ukombozi wa Zimbabwe wa miaka ya 1970 waliiita tena. Ukiuliza kuunganisha makabila, tazama Ngarambe. Ukiuliza kudumu, Mazowe.