Silikoni ya lambalamba niliyoagiza Kariakoo: miezi mitano ya kuitumia hapa Mtwara

Nimekaa na hii kitu tangu mwezi wa kumi na moja maembe yalipoanza kushuka bei hapa sokoni, kwa hiyo nadhani sasa naweza kuizungumzia vizuri. Ni ile ya silikoni ya kutengenezea aiskrimu za vijiti, yani lambalamba, ina tundu 10, mfuniko wa plastiki wenye nafasi za vijiti, na pakti ya vijiti vya mbao. Nilimtumia wifi yangu hela akanichukulia Kariakoo, akaipakia kwenye basi la Mtwara, kesho yake nikaipokea stendi. Kabla ya hapo nilikuwa na zile za plastiki ngumu tundu 6, mbili zimepasuka chini kwa sababu plastiki ile ikipata baridi kali inakuwa kama kioo, ukiibana kidogo tu imekwenda.

Niseme ukweli, wiki ya kwanza niliichukia. Nilitengeneza tikiti, nikablendi, nikachuja, nikaweka sukari vijiko vitatu kama nnavyoweka kwenye juisi, usiku mzima kwenye friza. Asubuhi navuta kijiti kikatoka peke yake, lambalamba imebaki ndani. Zile zilizotoka zilikuwa jiwe kabisa, mwanangu aling'ata ikasikika ka! akaanza kulia ameshika jino. Mara ya pili nikasema basi naongeza sukari, safari hii embe, nikamimina sukari na maziwa mazito ya kopo, nusu kopo zima. Hizo sasa hazikuganda hata baada ya siku mbili, ukivuta nusu inabaki imenata ukutani mwa silikoni, nusu inaning'inia kwenye kijiti, inadondoka mkononi kabla hujafika mlangoni. Nikamwambia wifi hiki chombo kibovu.

Chombo hakikuwa kibovu, tatizo lilikuwa sukari. Mama mdogo wangu ndiyo alinifungua macho, yeye ameuza barafu za ukwaju mtaani Chuno, hapahapa Mtwara, miaka mingi. Alionja mchanganyiko wangu akasema mwanangu, hapa unapima kwa ulimi na ulimi unakudanganya, kila tunda limekuja na sukari yake.

Ipo hivi. Maji yakianza kuganda yanaganda maji matupu, sukari inasukumwa pembeni inabaki kwenye yale ambayo bado. Yale yaliyobaki yanazidi kuwa mazito, yanakuwa shira, mpaka inafika mahali baridi ya friza haiwezi tena kuyagandisha. Kwa hiyo lambalamba nzuri ni punje za barafu na shira kidogo katikati yake, na hiyo shira ndiyo inayofanya jino lipite. Sukari ikiwa kidogo hakuna shira, punje zinashikana zote unapata jiwe. Ikizidi, shira inakuwa nyingi kuliko barafu, haishiki kijiti na haiachii chombo.

Kwa friza ya nyumbani, ile ya nyuzi 18 chini ya sifuri, mi nalenga sukari yote kwa jumla iwe gramu 170 hadi 180 kwenye kila kilo moja ya mchanganyiko, na nikisema yote nahesabu pamoja na ile iliyomo kwenye tunda. Ikishuka chini ya 120 unarudi kwenye jiwe, ikipita 230 hivi unarudi kwenye uji. Hapo ndipo tikiti na embe vinapoachana. Embe lililoiva vizuri lina kama gramu 14 za sukari kwenye gramu 100 za nyama yake, tikiti lina kama 8 tu maana tikiti ni maji. Na mi embe ndilo nililoliongezea sukari zaidi kuliko tikiti, halafu nashangaa.

Embe dodo naifanya hivi sasa hivi na haijawahi kuniangusha. Nyama ya embe gramu 600, hiyo imekuja na sukari kama gramu 84. Naongeza sukari gramu 60, glukosi ya unga ile ya boksi gramu 30, maji gramu 280, juisi ya ndimu gramu 30, na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Jumla ni kilo moja, na ukijumlisha sukari zote unapata 174. Sukari na glukosi nayeyusha kwanza kwenye hayo maji yakiwa ya moto, naacha yapoe, ndiyo nablendi na embe. Usimwage sukari kavu kwenye tunda lililopoa, inabaki chembe chini, zile za mwisho kumimina zinakuwa na sukari nyingi kuliko za kwanza. Kama embe ni la nyuzi lipitishe kwenye chujio, dodo halina shida sana.

Glukosi niliiweka baada ya kujaribu bila yake. Gramu moja ya glukosi inazuia kuganda karibu mara mbili ya gramu moja ya sukari ya kawaida, na utamu wake ni mdogo. Yani unapata ulaini bila kuwa na lambalamba inayokata kwa utamu. Ila usibadilishe sukari yote kuwa glukosi, nilifanya hivyo mara moja ikawa laini kupita kiasi. Theluthi ya sukari unayoongeza inatosha. Asali nayo inafanya kazi inayofanana ila inameza ladha ya tunda.

Tikiti sasa: gramu 900 za juisi yake iliyochujwa, ambazo zina sukari kama 72, naongeza sukari gramu 70 na glukosi gramu 30, ndimu kidogo. Angalia, tikiti halipewi hata tone la maji. Na bado litakuwa gumu kuliko embe japo hesabu ya sukari inakaribiana, kwa sababu embe lina ule unene wake unaozuia punje kukua. Wakati mwingine nabadilisha kidogo cha tikiti kwa tui zito la nazi, inang'atika vizuri zaidi.

Kitu kingine, ukionja mchanganyiko kabla haujaganda uone ni mtamu kidogo kupita unavyopenda, baridi inapunguza utamu mdomoni. Ukiwa sawasawa ukiwa wa vuguvugu, ukiganda utaona umechujuka hauna ladha.

Kama tunda huna uhakika nalo, weka vijiko viwili vya mchanganyiko kwenye kikombe cha kahawa, ingiza friza masaa matatu, halafu choma na kijiko. Kijiko kikiteleza juu na kuacha mstari mweupe, sukari haitoshi. Kikizama bila kusukuma, imezidi. Kikiingia kwa kusukuma na kutoka na chembechembe, jaza tundu zako. Inanichelewesha lakini imeniokolea maembe mengi. Mabibo niliyajua kwa njia hii hii, kuganda yaliganda vizuri ila ukakasi wake kwenye baridi ulikuwa bado upo vilevile, nikaachana nayo.

Nirudi kwenye chombo chenyewe. Silikoni ikiwa na maji ndani inalegea, usiinyanyue mikono mitupu, utamwaga nusu njiani. Iweke kwenye trei ya bati kwanza ndiyo ujaze. Trei ya bati ina faida nyingine, inapeleka baridi chini haraka, na silikoni kwa asili yake inachelewesha baridi kuingia. Ukigandisha polepole punje zinakua kubwa, na sukari na rangi vinajikusanya katikati, utaona nje peupe hapana ladha. Kwa hiyo mchanganyiko naupoza kwenye friji kwanza, na trei naiweka ubavuni mwa friza panaposhika barafu zaidi, siyo juu ya mafungu ya samaki ambayo hayajaganda. Tundu langu linachukua mililita 90, najaza 80, maji yakiganda yanavimba karibu asilimia 9 na ukijaza mpaka mdomo yanapanda yanagandana na mfuniko, hapo kutoa ni vita.

Vijiti usiviweke mwanzoni kama mfuniko wako haubani, mbao inaelea inapanda juu, ndiyo kile kijiti kilichonitoka peke yake. Mfuniko wa hii yangu haubani kwa kweli, nafasi za vijiti ni pana, na hili ndilo lalamiko langu kubwa. Nasubiri kama saa moja na nusu mpaka juu pawe kama barafu ya kukwangua, nasimamisha kijiti kiingie theluthi mbili, basi kinakaa wima.

Kutoa. Hapa silikoni imeishinda plastiki mbali sana. Lambalamba inashikwa na vitu viwili, barafu nyembamba iliyogandana na ukuta, na hewa kukosa pa kuingilia chini, ukivuta inajinyonya. Kwenye silikoni natoa trei nje, nasubiri dakika mbili, navuta mdomo wa tundu pembeni kuzunguka mpaka hewa iingie, halafu nasukuma kwa kidole gumba kutoka chini. Inachomoka nzima na kona zake. Plastiki ngumu haifunguki pembeni, lazima maji. Wengi wanachemsha maji, kwa Mtwara huna haja hiyo, maji ya bomba yetu yenyewe ni ya vuguvugu. Zamisha mpaka karibu na mdomo, hesabu mpaka 12, vuta wima bila kuzungusha, ukizungusha kijiti ndicho kinachozunguka. Ikigoma rudisha sekunde tano, usishindane nayo. Na ukiona umeshafika sekunde 30 na bado inavutika kama ubani, hiyo haijaganda au sukari imezidi, irudishe friza.

Zikitoka usizifunge kwenye mifuko hapohapo, nje pake pana maji na zitagandana zote. Nazipanga kwenye trei iliyokuwa friza, dakika 20, ndiyo nafunga moja moja.

Umeme ukikatika masaa mengi zinalegea, na ukirudi zinaganda tena ila siyo zilezile, punje zinakuwa kubwa za kukwaruza ulimi. Hizo siuzi, nayeyusha nablendi upya. Silikoni imenisaidia hapo pia maana hata zilizolegea nusu hazijapasua kitu.

Kasoro nyingine, silikoni inashika harufu. Niliiacha friza wiki mbili bila mfuko, lambalamba ya nanasi ikaja na harufu ya dagaa. Niliipika kwenye maji ya moto na ndimu, nikaianika siku nzima, ikapungua, haikuisha kabisa mpaka mara ya tatu. Sasa hivi inakaa kabatini, haikai friza ikiwa tupu.

Nilitoa elfu 18 pamoja na nauli ya mzigo. Nimeshaagiza ya pili, na safari hii nimemwambia wifi ashike mfuniko mkononi ajaribu kijiti kabla hajalipa.