Operesheni nyota zote, barua ya kumruhusu mtoto hata nusu siitoi

Nianze na haki ya hospitali ile kabla hasira haijanipeleka mbali. Mkono wa yule daktari bingwa wa masikio, pua na koo ni mzuri sana. Mwanangu ana miaka saba, alikuwa anakoroma mpaka chumba cha pili tunasikia, halafu katikati ya kukoroma pumzi inakata, kimyaaa, unamtikisa ndo anavuta tena. Wakamtoa tonsili zote mbili pamoja na vinyama vya nyuma ya pua, akaamka vizuri, kesho yake tukaruhusiwa. Hapo sina neno.

Sasa njoo kwenye barua. Kila mgonjwa akitoka, bingwa anamwandikia daktari wa familia, kwa sababu bingwa ana kisu lakini zile wiki mbili za nyumbani zinaangukia kwa yule mzee wetu wa kila siku. Bahasha imefungwa, mi nikaipeleka kama ilivyo. Mzee akaifungua, akaisoma, akaigeuza nyuma kutafuta mwendelezo, hamna. Akanipa nisome mwenyewe. Nanukuu yote maana ni fupi: “Asante kwa kutuletea mgonjwa huyu. Tonsilektomi imefanyika bila tatizo. Parasetamoli sirapu kijiko kimoja mara tatu. Kodeini maumivu yakizidi. Tatizo lolote akuone wewe. Tafadhali endelea kumfuatilia.” Basi. Sahihi, mhuri.

Kumfuatilia nini jamani? Mzee mwenyewe akaniambia, “Mwanangu, mimi koo lililotoka kukatwa naliona mara chache sana kwa mwaka, huyu bwana analiona kila wiki, angenipa hata mistari mitatu zaidi.”

Ila kodeini aliikamata palepale. Akaikata kwa kalamu, akasema hii haigusi mtoto huyu. Nikamuuliza kwa nini, akanieleza: mwili hubadilisha kodeini kuwa mofini, na wapo watu wanaibadilisha haraka mno kwa maumbile tu, huwezi kuwajua kwa kuwatazama. Mtoto akiwa hivyo, na hasa huyu ambaye tayari pumzi ilikuwa inakata usingizini, anaweza kulala asipumue. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali kabisa mwaka 2013 kuhusu kodeini kwa watoto baada ya operesheni hii hii ya tonsili. Hii hii! Na bingwa ameiandika kwenye barua kama anaandika chai. Mi hapo ndo moto uliponiwaka, na haujazimika vizuri mpaka leo.

Halafu kile kijiko. Sirapu yetu ina miligramu 120 kwa mililita 5, yaani kijiko kimoja cha dawa. Mtoto ana kilo 22. Kwa mtoto aliyetoka operesheni hesabu ni miligramu 15 kwa kila kilo, kwa hiyo 330 kwa dozi moja, ambayo ni karibu mililita 14, na anapewa kila baada ya saa sita, isizidi mara nne kwa siku. Barua ilimpa 120 mara tatu. Ukijumlisha siku nzima, alikuwa anapata 360 wakati angeweza kupata 1,320, yaani hata theluthi haifiki. Nani alimpima? Uzito ulikuwa kwenye faili lao, niliuona kwa macho yangu siku ya kulazwa, ila kwenye barua haupo. Mzee alikuja kuipandisha dozi tulipomrudishia mtoto siku ya tatu hivi, lakini siku zile za kati mtoto alikuwa hamezi. Hata mate anayaacha yachuruzike. Koo likiuma hamezi, asipomeza linakauka, likikauka linauma zaidi, ni mzunguko mbaya ule, na dawa ndo inayoukata.

Siku hiyo ya kurudi, mzee akamulika tochi kooni. Jamani. Pande zote mbili kumejaa utando mweupe unaoelekea njano, mnene, na mdomo unanuka vibaya. Na mtoto analia sikio. Mzee akatazama sikio, safi. Akatazama tena koo, akasema huu unafanana na usaha, siwezi kuuacha hivi, akaandika antibayotiki. Simlaumu hata kidogo, maana mtu akiona weupe kwenye koo la mtoto kwa miaka yote hiyo ya kazi, weupe maana yake ni mafindofindo.

Kumbe ule weupe ndo kidonda kinapona! Ni kigaga tu kama cha gotini, ila kwa kuwa kiko mahali penye maji muda wote kinakuwa cheupe na laini badala ya cheusi na kigumu. Harufu inatokana nacho. Na sikio linauma kwa sababu mshipa wa fahamu unaohudumia sehemu ile ya koo ndo huohuo unaotuma tawi kwenye sikio la kati, ubongo unachanganya. Antibayotiki haimpunguzii mtoto wa namna hii maumivu wala haizuii damu. Alichoambulia mwanangu ni kuharisha, juu ya kutokunywa maji. Sentensi mbili kwenye barua zingezuia yote hayo.

Nikapiga simu hospitali kuomba barua iliyoandikwa vizuri. Dada wa mapokezi, sauti baridi: “Mama, hiyo barua ni ya daktari, siyo yako. Daktari wako akiwa haelewi, atuandikie.” Eti haelewi! Mzee aliyegundua sumu kwenye karatasi yenu ndo haelewi? Nikasema naomba hata wodi, akasema wodi haiongei na wagonjwa waliotoka. Akakata. Nilibaki nimeshika simu natetemeka. Kwa ajili ya sauti ile peke yake ningewapa sifuri ya maisha.

Ikafika wiki ile inakaribia kuisha, usiku, namsikia mtoto anameza. Amelala fofofo lakini anameza, anameza, anameza. Nikawasha taa, kwenye mto wake doa jekundu. Nikamwinua, akatapika damu, nyeusi nyeusi na mabonge, halafu mbichi. Barua ilisema tatizo lolote kwa daktari wa familia, kwa hiyo tukampigia mzee usingizini, naye akapiga kelele kwenye simu: hapana, hospitali yenye theata, sasa hivi, mkalishe ameinama mbele, ateme, asimeze, usimpe kitu chochote mdomoni. Ndivyo tulivyofanya. Walimwekea dripu, wakachukua damu kupima grupu, wakamweka chini ya uangalizi na theata ikawa tayari. Bahati njema ilikata yenyewe, hakurudishwa kisuni.

Hapa lazima niwe mkweli, damu yenyewe siiweki kwenye hesabu ya barua. Kile kigaga kinabanduka kati ya siku ya tano na ya kumi hivi, na kikibanduka kwa wengine kinaacha mshipa wazi. Inatokea hata kwa bingwa wa mabingwa. Inayotoka ndani ya saa 24 za mwanzo ndo huwa inahusishwa zaidi na operesheni yenyewe. Ninachowadai ni kwamba kulijua hilo siyo siri, wanalijua wote pale, na kwenye barua hakuna neno “damu”. Hata moja.

Sasa sikilizeni kioja. Tunaruhusiwa mara ya pili, napewa bahasha, safari hii nimeichana palepale kwenye korido, liwalo na liwe. Sahihi ileile. Mhuri uleule. Na barua ni nzuri mpaka nikakaa chini.

Imeanza na uzito, kilo 22. Parasetamoli miligramu 330 kila baada ya saa sita kwa kufuata saa na siyo akilia tu, ibuprofeni miligramu 200 kila baada ya saa nane, akishamaliza kula au kunywa kitu kwa kuwa hana pumu na sasa anakunywa vizuri, na zote ziendelee mpaka siku ya kumi hata kama anaonekana ana nafuu, maana maumivu hupanda tena kigaga kikibanduka. Aspirini marufuku. Kodeini marufuku, imepigiwa mstari. Kisha imemwambia mzee: utando mweupe, harufu na sikio kuuma ni vya kawaida, tafadhali usimwandikie antibayotiki kwa ajili ya hivyo. Joto dogo siku mbili za mwanzo sawa, likizidi 38.5 au likaja baadaye mtazame. Asipokojoa kwa muda wa saa 12, arudi kwetu kwa dripu. Damu mbichi yoyote, hata kijiko, hata kama imekata, asije kwako, aje kwetu moja kwa moja. Ale chakula chake cha kawaida kadiri anavyoweza, kwa kuwa kutafuna na kumeza kunasafisha kidonda. Shule baada ya wiki mbili. Halafu kitu ambacho hata sikukifikiria: baada ya wiki kadhaa umuulize mama kama pumzi bado inakata usingizini, ikiwa bado, umrudishe tumpime usingizi, usichukulie kwamba operesheni imemaliza. Na namba ya simu ya wodi, ile ile wodi ambayo haiongei na waliotoka!

Nilifurahi dakika moja, halafu hasira ikarudi mara mbili. Kumbe anajua! Alikuwa anayo yote haya kichwani siku ile ya kwanza, akaamua kumwandikia mwenzake mistari sita na kodeini. Nilimkuta kwenye mlango wa wodi nikamuuliza. Akavua barakoa, akasema, “Mama, ile ya kwanza ilitoka kwenye fomu ya zamani ya kompyuta, mimi nilisaini tu. Nimeshaiondoa.” Hakujitetea zaidi ya hapo, wala hakuniambia nitulie au nimekosa adabu. Nilikuwa nimejiandaa kugombana, nikakosa pa kushika.

Kwa hiyo sijui niwape ngapi. Wiki ile ya kwanza ningewafungia mlango. Sasa mtoto analala kimya mpaka nashtuka naenda kusikiliza kama anapumua, na anapumua. Mzee kaichukua ile barua ya pili kaitoa kopi, anasema atawatumia wenzake. Mkono wa bingwa tano, barua ya kwanza sifuri, ya pili tano, ukinilazimisha jumla nitasema tatu, na ukienda pale isome barua kabla hujavuka geti, uangalie uzito na neno damu. Yule dada wa simu yeye simuhesabu kabisa.